Kidato cha Tano

Picha ya ngazi ile niliipokea ikiwa imechapwa kwenye karatasi ya A3, nzito, inayong'aa. Ilikuwa picha iliyotengenezwa kwa kompyuta, lakini ukiitazama haraka ungeapa ni nyumba iliyokwisha kujengwa na kuhamiwa. Ngazi ya mbao ya rangi ya asali ilipanda ikiegemea ukuta mweupe, upande wa pili kizuizi cha kioo, na mwanga wa dirisha la juu ukishuka kidato kwa kidato. Mwanamke amesimama chini ameshika kitabu. Mtoto amekaa juu kabisa, miguu inaning'inia. Mwenye nyumba aliniambia, "Fundi, nataka hii hii, usipunguze kitu." Nikamwambia nitaitazama usiku, kesho nitampa jibu.

Mimi ni seremala, na ngazi nimejenga nyingi. Kabla ya kuuliza mbao ni za aina gani, jambo la kwanza ninalofanya na picha ya ngazi ni kuhesabu vidato. Naanzia sakafu ya chini, naweka nukta ya penseli kwenye kila kidato hadi nifike sakafu ya juu, na sakafu ya juu yenyewe naihesabu kama kidato cha mwisho, kwa sababu mguu lazima upande hadi pale. Nikapata kumi na sita. Kwenye ramani waliyonipa pamoja na picha, kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu, zote zikiwa zimekamilika, ni milimita 2,880. Ukigawa kwa 16 unapata 180 kamili. Hicho ndicho kimo cha kidato, yaani kiasi ambacho mguu unanyanyuka. Kina cha kidato, yaani kiasi unachosonga mbele kila ukipanda, kiliandikwa 260.

Kuna kipimo cha zamani ambacho mafundi wa ngazi tunakitumia mpaka leo, kinachohusishwa na msanifu Mfaransa François Blondel wa karne ya 17: chukua kimo mara mbili, ongeza kina, jumla iwe karibu na hatua ya mtu anayetembea. Siku hizi wengi tunataka jumla hiyo iangukie kati ya milimita 600 na 640. Hapa ni 180 mara mbili, ambayo ni 360, ukiongeza 260 unapata 620. Katikati kabisa. Ngazi ya namna hii mzee anaipanda bila kutweta na mtoto anaishuka bila kujikwaa. Nikafurahi, kwa kweli. Mara nyingi nakuta picha zenye ngazi nyembamba zilizosimama kama za kupandia dari.

Nikaweka karatasi mezani, nikaanza kuandika orodha ya mbao.

Nilikuwa nimefika kwenye mbao mbili za ubavu zinazobeba vidato, nikitafuta urefu wake, jicho likarudi kwenye picha. Nilitaka kuona ubavu wa ukutani unaishia wapi. Nikaufuata mstari wa vidato ukutani, juu, juu, na pale karibu na katikati ya picha nikakutana na kona: ukingo wa dari, pale tundu la ngazi linapoanza. Dari linakuja kutoka upande wa sebule, linakatika ghafla, na kuanzia hapo kuna uwazi unaokwenda hadi ghorofani. Kona hiyo ya dari ilikuwa imegusa ukuta uleule ambao vidato vinauegemea. Nikajiuliza: chini ya kona hii kuna kidato cha ngapi?

Swali hilo linaweza kujibiwa kwenye picha, lakini kwa sharti moja. Picha nyingi za majengo hupigwa kamera ikiwa imetazama mbele sawasawa, haikuinamishwa wala kuinuliwa, na hapo mistari yote iliyosimama wima kwenye jengo inabaki wima kwenye karatasi. Hakikisha kwanza. Chukua rula, ilaze sambamba na ukingo wa karatasi, ulinganishe na fremu ya mlango upande wa kushoto, kisha na kona ya ukuta upande wa kulia. Zikiwa zote zinakwenda sambamba na ukingo wa karatasi, picha inafaa. Zikiwa zinakaribiana juu kama nguzo zinazoegemeana, kamera iliinuliwa, na kipimo nitakachokieleza kitakudanganya. Picha yangu ilikuwa imesimama vizuri, mlango na kona vyote wima.

Basi nikaweka rula wima kwenye ile kona ya dari na kuishusha. Iliangukia kwenye ukingo wa kidato cha tano.

Hapo nikaiacha ile orodha ya mbao.

Kwenye picha ya namna hii vitu vya mbali vinakuwa vidogo na vya karibu vikubwa, ndiyo maana huwezi kupima kitu cha hapa kwa kipimo cha pale. Ila kwenye mstari mmoja uliosimama wima, juu na chini yake ni umbali uleule kutoka kwenye kamera kwa jinsi picha inavyochorwa, kwa hiyo sentimita moja ya chini ni sawa na sentimita moja ya juu. Yaani kimo cha kidato cha tano, pale pale ukutani, kinaweza kuwa rula yangu ya kupimia nafasi iliyo juu yake. Nikakipima: milimita 9 za karatasi. Nikapima kutoka ukingo wa kidato hicho hadi kona ya dari: milimita 84. Nikagawa. Nafasi ile ilikuwa na vimo tisa na theluthi. Kimo kimoja ni 180. Jumla 1,680.

Mita moja na sentimita 68, kutoka pale mguu unapokanyaga hadi dari.

Kanuni za ujenzi za nchi nyingi zinataka nafasi ya kichwa kwenye ngazi isipungue kiasi cha mita 2, ikipimwa wima kutoka kwenye mstari unaogusa kingo za vidato. Kuna sababu ya kupima hivyo. Anayepanda anatazama juu, huenda akauona ukingo na kuinama. Anayeshuka anatazama miguu yake. Anakuja na uzito wake wote mbele, kichwa kimeinama kidogo, na ukingo wa dari unamsubiri kwenye paji la uso. Nimewahi kumwona mtu aliyegonga ukingo wa namna hiyo akiwa amebeba ndoo ya maji. Jeraha la kichwani halikuwa kubwa. Kilichomuumiza ni kule kurudi nyuma na kukaa kwenye vidato.

Lakini sikutaka kuruka. Milimita 9 za karatasi ni kipimo kidogo sana. Nikikosea nusu milimita tu, yaani unene wa mstari wa penseli isiyochongwa, jibu linaweza kwenda 1,590 au 1,780. Picha ilikuwa imenionyesha kwamba kuna tatizo na liko wapi. Ukubwa wake ilibidi niutafute kwenye ramani.

Ramani ilikuwa na kila kitu, ila kwenye karatasi mbili tofauti, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyeona. Karatasi moja ilionyesha ngazi kwa ubavu, peke yake, bila dari. Nyingine ilionyesha sakafu ya juu na tundu lake, bila ngazi. Tundu lilikuwa na urefu wa milimita 2,860, kuanzia pale kidato cha mwisho kinapoungana na ghorofa hadi ukingo wa upande wa pili. Unene wa sakafu ya juu, kuanzia mbao za kukanyagia hadi uso wa chini wa ubao wa dari, ni 300.

Basi hesabu ikawa nyepesi. Ukishuka kutoka juu, kila unaposonga 260 unateremka 180. Tundu la 2,860 ni vidato 11 kamili vya 260. Vidato 11 vya 180 ni 1,980. Ukitoa kwenye 2,880 unabaki na 900: chini ya ukingo wa dari, mguu wako uko sentimita 90 juu ya sakafu, ambayo ni kidato cha tano. Dari lenyewe liko 2,880 ukitoa 300, yaani 2,580. Toa 900. Imebaki 1,680. Ile ile ya rula.

Nikaitazama tena picha, safari hii nikitafuta kwa nini nilikuwa karibu kuipitisha. Mwanamke alisimama chini. Mtoto alikaa juu. Hakuna mtu katikati ya ngazi. Kamera nayo iliwekwa kwenye kona ya mbali, ikichukua chumba chote, na chumba kikichukuliwa chote namna hiyo kinaonekana kikubwa na dari linaonekana liko juu. Mwanga wa dirisha ulipita kwenye tundu na kufunika vidato vya katikati kwa weupe, ukingo wa dari ukapotea ndani yake. Hakuna aliyefanya hila. Aliyepanga picha aliweka watu pale wanapopendeza, basi. Tangu siku hiyo, nikipewa picha ya ngazi namtafuta mtu wa katikati. Asipokuwepo, namchora mwenyewe kwa penseli, kijiti chenye urefu wa vimo kumi kikiwa kimesimama kwenye kila kidato kilicho karibu na ukingo wa dari.

Kesho yake nilimpigia simu msanifu kabla ya kumwambia mwenye nyumba, kwa sababu kosa la kazi ya mtu mwanzo unamwambia yeye. Ni dada kijana, makini, na hakunikatiza. Nilipomaliza akanyamaza kidogo, nikasikia karatasi zinafunuliwa. Kisha akasema, "Fundi, najua limeingiaje."

Ngazi ya kwanza aliyochora ilikuwa na vidato 14, kila kimoja karibu milimita 206 kwa kimo na 240 kwa kina. Ilikuwa kali zaidi, na tundu la 2,860 lilichorwa kwa ajili yake. Nikapiga hesabu papo hapo kwenye kipande cha ubao: kwa mteremko ule, chini ya ukingo wa dari ngazi iko kama sentimita 43 tu kutoka sakafuni, na kichwa kinapata mita 2 na sentimita 15. Hakukuwa na kosa. Halafu mwenye nyumba akasema mama yake mzazi anakuja kuishi naye, magoti yanamsumbua, ngazi ilegezwe. Msanifu akaongeza vidato viwili, akapunguza kimo, akaongeza kina. Ngazi ikarefuka chini kwa milimita 780 kuelekea sebuleni. Tundu la juu likabaki vilevile.

Ngazi ikilegezwa, mguu wake unatembea mbele, lakini pia mwili wake wote unanyanyuka chini ya dari. Watu wanaona ule urefu uliomeza sebule, wanapima kama kochi litatosha. Kule kunyanyuka hawakuoni. Kila ukiilegeza ngazi, tundu la juu lazima nalo lirefuke, na likigoma kurefuka, ulegezaji una mpaka wake.

Tulikutana kwenye nyumba, mimi, msanifu na mwenye nyumba. Maneno ya milimita yanamchosha mtu asiye fundi, kwa hiyo sikumpa karatasi. Nilipigilia msumari sakafuni, mita 4 na sentimita 16 kutoka chini ya ukingo wa juu pale kidato cha mwisho kinapoungana na ghorofa, nikafunga uzi na kuuvuta hadi ukingo wa sakafu ya ghorofani. Uzi ule ndio mstari wa kingo za vidato. Nikaning'iniza timazi kutoka ukingo wa dari hadi ikagusa uzi, nikapima: 1,692. Mbao za dari zilikuwa hazijapigiliwa, na zina unene wa milimita 12. Msanifu akatikisa kichwa, akaandika.

Kisha nikasogeza meza yangu ya kazi chini ya ukingo ule, nikainyanyua kwa vipande vya ubao hadi uso wake ukafika sentimita 90 kamili, nikaikaza isitikisike. Nikamwambia mwenye nyumba, "Kaka, panda hapa. Hiki ndicho kidato chako cha tano." Akapanda akiwa ameshika bega langu. Alipojaribu kunyooka, boriti ikamsimamisha kwenye nywele. Akabaki hivyo, shingo imepinda, mkono umeshika boriti, akiitazama sakafu.

"Na mama atakuwa anashuka kila asubuhi," akasema. Akashuka taratibu.

Wazo la kwanza lililotolewa pale lilikuwa kuikunja ngazi chini: vidato vinne vya mwanzo vigeuke upande, viwe na bapa la kupumzikia, halafu ngazi iendelee juu kama kawaida. Linasikika zuri, na sebule ingepata nafasi. Lakini halisaidii kichwa hata kidogo. Ukikunja vidato vya chini, kidato cha tano kinabaki palepale kilipo, sentimita 90 juu ya sakafu, chini ya ukingo uleule. Umebadilisha njia ya kukifikia tu. Kichwa kinasaidiwa na mambo mawili peke yake: ukingo wa dari urudi nyuma, au ngazi iteremke haraka zaidi kabla ya kufika chini ya ukingo huo.

Kurudisha ukingo kuliwezekana kwa sababu sakafu ya juu ilikuwa ya boriti za mbao na dari halijafungwa. Ingekuwa zege lililokwisha kumwagwa, mazungumzo yangekuwa mengine kabisa. Ili kupata mita 2 bila kugusa ngazi, tundu lilitakiwa kufika karibu 3,320, yaani tuongeze milimita 460. Lakini huko juu, milimita 350 kutoka ukingoni, kulikuwa na ukuta wa chumba. Tukapimana na ukuta ule kwa muda mrefu. Kuusogeza kulimaanisha kuvunja ukuta na mlango wake.

Tukachukua zile 350, tundu likawa 3,210. Kwa ngazi ya 180 kwa 260, hiyo ilitupa nafasi ya 1,922. Imepungua sentimita 8. Hapo ndipo nikaomba kugusa kina. Kimo sikutaka kiguswe, kwa sababu goti la mzee linauma kwenye kunyanyua, na 180 ndiyo zawadi aliyopewa na mwanawe. Kina kikitoka 260 kuwa 250, ngazi inateremka haraka kidogo tu: kwenye urefu wa 3,210 inateremka 2,311, kwa hiyo chini ya ukingo ipo 569 kutoka sakafuni. Dari 2,580, toa 569. Mita 2 na milimita 11. Kipimo cha hatua kikawa 610, bado ndani. Na ili unyayo usipungukiwe, nilitoa pua ya milimita 25 mbele ya kila kidato, ubao wenyewe ukawa 275. Pua haiingii kwenye kina unapopiga hesabu za mteremko, kwa sababu kila kidato kinayo na zinafutana, lakini mguu unaopanda unaihisi.

Mhandisi aliitwa kwa ajili ya boriti, kwa kuwa ukizikata boriti za sakafu kule kwenye ukingo lazima mzigo wake upewe pa kwenda. Akataka boriti ya ukingo mpya iwe mbili zilizofungwa pamoja kwa bolti, na zile mbili za pembeni za tundu nazo ziongezwe pacha wake. Ilichukua siku mbili. Msanifu alichora upya karatasi moja inayoonyesha ngazi na dari kwa pamoja, kwa ubavu, na mstari wa mita 2 ukipita juu ya vidato kama kivuli. Akatengeneza na picha mpya. Safari hii kuna mtu mrefu anashuka, mguu wake uko kwenye kidato cha tatu, kichwa kiko chini kidogo ya ukingo.

Ngazi yenyewe niliijenga kwa wiki tatu pamoja na kijana ninayemfundisha. Hakuna la kusimulia sana hapo. Ukiwa na kimo sahihi kilichoandikwa kwenye fito moja, na fito hiyo hiyo ikatumika kutoka kidato cha kwanza hadi cha mwisho bila kupima upya kila mara, kazi inakwenda.

Siku ya kukabidhi nilichonga fito nyingine, mita 2 kamili, nikaisimamisha wima kwenye kidato cha kwanza na kuanza kupanda nayo, nikiiweka kwenye pua ya kila kidato. Mwenye nyumba na mama yake walisimama sebuleni wakitazama. Kwenye kidato cha tatu ncha ya fito ilikuwa bado chini ya dari, na ikawa na nafasi ya kutosha ya kutikisa. Nikaisogeza mbele hadi chini kabisa ya ukingo, nikainyanyua mpaka mguu wake ukafika kwenye mstari wa pua za vidato, kisha nikaingiza ncha ya kidole changu kidogo kati ya fito na dari. Ikapita, ikabana kidogo.

Bibi akauliza, "Imetosha?"

"Imetosha, mama. Panda sasa."

Akashika mkono wa ngazi, akaanza.